Mikondo kinzani yenye uwezo sawa wa joto: kisa cha hita iliyokadiriwa mara sita ya inayohitajika

Mtambo wenyewe ni rahisi kueleza. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yanatakiwa yapashwe hadi nyuzi 80, yakae kwenye joto hilo kwa muda uliopangwa, kisha yatoke yakiwa yamepoa. Kuyapasha yote kwa hita na halafu kuyaachia yaende na joto lake ni upotevu, kwa hiyo kati ya maji baridi yanayoingia na maji moto yanayotoka kumewekwa kibadilishajoto cha sahani. Maji moto hupita upande mmoja yakishuka kutoka nyuzi 80. Maji baridi hupita upande wa pili, kwa mwelekeo wa kinyume, yakipanda kutoka nyuzi 20. Hita inabaki na sehemu ya mwisho tu ya kupasha.

Mtiririko ni kilo 2 kwa sekunde, na joto mahususi la maji kwa kiwango hiki cha halijoto ni karibu kilojuli 4.18 kwa kilo kwa kila kelvini. Ukizidisha hivyo viwili unapata uwezo wa joto wa mkondo, ambao nitauita C: kilowati 8.36 kwa kelvini. Kibadilishajoto kina sahani 76 zinazopitisha joto, kila moja ya mita za mraba 0.22, yaani eneo A la mita za mraba 16.72. Mgawo wa upitishaji joto, U, umechukuliwa kuwa kilowati 2.5 kwa mita ya mraba kwa kelvini. Mbunifu alitarajia maji baridi yatoke kwenye kibadilishajoto yakiwa nyuzi 70, na maji moto yatoke yakiwa nyuzi 30.

Namba hizo ziliingizwa kwenye lahajedwali lililokuwa limetumika kwa miradi mingi bila malalamiko. Safari hii jibu lilisema joto linalookolewa ni kilowati 0, na hita inayohitajika ni ya kilowati 501.6. Yaani kama vile kibadilishajoto hakipo. Mtu aliyekuwa na haraka angeagiza hita hiyo, maana jedwali halikuonyesha kosa lolote: hapakuwa na seli nyekundu wala onyo.

Kilichofumbua macho ni jaribio dogo. Halijoto ya maji moto yanayotoka ilibadilishwa kutoka 30 hadi 30.1, na papo hapo joto lililookolewa likaruka kutoka 0 hadi kilowati 420. Hakuna kifaa duniani kinachofanya hivyo. Sehemu moja ya kumi ya nyuzi haiwezi kuwasha na kuzima kilowati 420. Tatizo basi lilikuwa ndani ya hesabu, na lilikuwa limekaa kwenye seli moja.

Seli hiyo ilibeba fomula inayojulikana na kila aliyesoma uhamishaji joto, ile ya wastani wa logi wa tofauti za halijoto:

```
ΔTm = (ΔT1 − ΔT2) / ln(ΔT1 / ΔT2)
Q   = U · A · ΔTm
```

ΔT1 ni tofauti kati ya mikondo miwili kwenye ncha ya moto, na ΔT2 ni tofauti kwenye ncha ya baridi. Hapa ncha ya moto ina 80 kutoa 70, yaani 10. Ncha ya baridi ina 30 kutoa 20, nayo ni 10. Juu ya mstari tunapata sifuri. Chini ya mstari tunapata logi ya 1, ambayo ni sifuri pia. Lahajedwali lilipaswa kutoa `#DIV/0!`, lakini mwandishi wake wa awali alikuwa ameizungushia `IFERROR` inayorudisha 0 ili kurasa zionekane safi. Hivyo sifuri gawanya kwa sifuri, jambo ambalo halina jibu, likageuzwa kuwa sifuri, ambalo ni jibu kamili na lenye maana: hakuna joto linalopita. Kati ya majibu yote ambayo seli ile ingeweza kutoa, hilo lilikuwa baya kuliko yote, kwa sababu linaaminika.

Mtu anaweza kudhani kwamba namba za mbunifu zilikutana kwa bahati mbaya. Haikuwa bahati. Maji yanayopita upande wa baridi ndiyo hayohayo yanayorudi upande wa moto baada ya hita, kwa hiyo mtiririko ni uleule na kimiminika ni kilekile. Kila joto linalotoka mkondo mmoja linaingia mkondo wa pili, na kama C ni moja pande zote mbili, basi nyuzi ambazo mkondo wa moto unapoteza ni sawa na zile ambazo mkondo wa baridi unapata. Ukishuka 50 upande huu utapanda 50 upande ule, na tofauti kwenye ncha mbili lazima zilingane. Mtambo wowote unaookoa joto kutoka kwenye mkondo wake wenyewe uko kwenye hali hii kila siku. Vivyo hivyo kibadilishajoto cha hewa kwenye jengo lenye mtiririko sawa wa hewa inayoingia na inayotoka.

Sasa kwa nini fomula inagoma? Jibu liko kwenye njia iliyoizaa, na inafaa kuipitia polepole.

Chukua kipande kidogo cha eneo, dA, na utembee kutoka ncha ya moto kwenda ncha ya baridi. Kwenye kipande hicho joto dQ linapita, nalo ni U·ΔT·dA. Mkondo wa moto unashuka kwa dQ gawanya kwa C yake. Mkondo wa baridi, ukiutazama kwa mwelekeo huohuo wa kutembea, nao unashuka kwa dQ gawanya kwa C yake, kwa kuwa unaufuata kinyume cha mtiririko wake. Ukiita C ya mkondo wa moto Ch na ya mkondo wa baridi Cc, tofauti kati yao basi inabadilika hivi:

```
d(ΔT) = −dQ · (1/Ch − 1/Cc)
```

Ukijumlisha toka ncha hadi ncha unapata milinganyo miwili. Mmoja unasema ΔT1 kutoa ΔT2 ni Q mara kile kilichomo kwenye mabano. Mwingine unasema logi ya ΔT1 gawanya kwa ΔT2 ni U·A mara mabano hayohayo. Hatua inayofuata, ile inayozaa fomula, ni kugawanya mlinganyo wa kwanza kwa wa pili ili mabano yakatane. Hapo ndipo penye shimo. Kama Ch na Cc ni sawa, mabano ni sifuri, na kuyakata ni kugawanya kwa sifuri. Fomula haikuahidi chochote kwa hali hii. Ilitengenezwa kwa hatua ambayo hali hii hairuhusu.

Lakini fizikia yenyewe haina shida hata kidogo. Rudi kwenye mlinganyo wa d(ΔT) na uweke mabano kuwa sifuri. Unasema kwamba ΔT haibadiliki. Mikondo miwili inatembea sambamba kwa umbali uleule wa nyuzi 10 toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna wastani wa kutafuta, kwa kuwa kitu chenyewe ni kimoja kila mahali:

```
Q = U · A · ΔT = 2.5 × 16.72 × 10 = 418 kW
```

Linganisha na upande wa maji: 8.36 mara 50 ni 418. Hesabu mbili zimekutana, na hita inabaki na nyuzi 10 tu za kumalizia, yaani kilowati 83.6. Ile ya 501.6 ilikuwa mara sita ya inayohitajika.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vingi hulipita, nami naona ndilo zuri kuliko yote katika hali hii. Fomula ya logi inadai kwamba U ni ileile eneo lote. Kwa maji ya nyuzi 20 hadi 80 hilo si kweli, kwa sababu mnato wa maji unashuka karibu mara tatu kati ya halijoto hizo, na ncha ya moto hupitisha joto vizuri kuliko ncha ya baridi. Kwenye mikondo yenye C tofauti, badiliko hilo linaharibu hesabu ya logi na inabidi kugawa kibadilishajoto vipande vipande. Kwenye mikondo yenye C sawa haliharibu kitu. Angalia tena: U haimo kabisa kwenye mlinganyo wa d(ΔT), ni dQ tu. ΔT inabaki 10 hata U ikipanda na kushuka njiani, na inatosha kutumia wastani wa kawaida wa U juu ya eneo. Kinachobadilika ni umbo la mistari: ukichora halijoto dhidi ya eneo hupati mistari iliyonyooka, unapata mistari iliyopinda kwa pamoja, ikiwa na pengo lilelile kati yake.

Kwenye mtambo halisi, hata hivyo, usawa huwa haujakamilika. Joto mahususi la maji linatofautiana kidogo sana kati ya upande unaotoka 80 hadi 30 na ule unaotoka 20 hadi 70, chini ya asilimia 0.1. Hiyo inatosha kuzitenganisha ΔT1 na ΔT2 kwa sehemu chache za mia za nyuzi. Je, hapo turudi kwenye logi? Si lazima. Andika ΔT1 kuwa ΔT2 mara (1 + x). Wastani wa logi ukifunguliwa kama mfululizo unakuwa

```
ΔTm = ΔT2 · (1 + x/2 − x²/12 + ...)
```

na sehemu mbili za mwanzo ndizo wastani wa kawaida, yaani jumla ya ΔT1 na ΔT2 gawanya kwa 2. Kosa linaanzia kwenye x²/12. Ncha moja ikiizidi nyingine kwa asilimia 10, wastani wa kawaida unazidi ule wa logi kwa chini ya asilimia 0.1. Ikiizidi kwa nusu, kosa ni karibu asilimia 1.4. Ikiwa mara mbili, ni asilimia 4. U yenyewe kwa kawaida haijulikani kwa usahihi kama huo, kwa hiyo karibu na usawa wastani wa kawaida unatosha kabisa. Mfululizo huu pia unajibu swali la sifuri gawanya kwa sifuri: x ikielekea sifuri, ΔTm inaelekea ΔT2, si sifuri.

Wengi wakishafika hapa huweka sharti la haraka: kama ΔT1 ni sawa na ΔT2 tumia ΔT, la sivyo tumia logi. Sharti hilo linazuia sifuri kamili lakini linaacha mtego mwingine, na huu hauonekani kwa macho. Kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu zenye kikomo. Tofauti zinapokuwa karibu sawa, kugawanya ΔT1 kwa ΔT2 kunatoa namba inayoshikana na 1, na karibu kila tarakimu iliyobeba habari inapotea kwenye ukadirishaji. Jaribu hii kwenye Python, ambapo `nextafter` inatoa namba inayofuata mara moja baada ya nyingine:

```python
from math import log, nextafter, inf
d2 = 10.0
d1 = d2
for k in range(4):
    d1 = nextafter(d1, inf)
    print((d1 - d2) / log(d1 / d2))
```

Jibu sahihi kwa mistari yote minne ni 10. Kinachochapishwa ni takriban 8, 8, 12, kisha 10.67. Halijoto hazijasogea kwa kiasi ambacho kipimajoto chochote kingeweza kukigundua, lakini wastani unaruka kwa asilimia 20 chini na asilimia 20 juu. Programu inayotafuta jibu kwa kurudiarudia, ikikisia halijoto za kutokea na kuzirekebisha, itatangatanga hapo bila kutulia, na ikitulia huenda imetulia mahali pasipo sahihi. Ukiona programu inakwama kila mtiririko wa pande mbili unapolingana na inafanya kazi vizuri ukiubadilisha kidogo, anza kutafuta hapa.

Tiba ni kutomwachia logi kazi ya kutambua tofauti ndogo. Kwenye lahajedwali, weka mpaka wenye upana badala ya usawa kamili:

```
=IF(ABS(d1/d2-1)<0.001, (d1+d2)/2, (d1-d2)/LN(d1/d2))
```

Hapo `d1` na `d2` ni majina ya kuonyesha tu. Weka anwani za seli zako. Kwenye mpaka wa 0.001 kosa la wastani wa kawaida ni chini ya sehemu moja ya milioni kumi, na logi nayo bado ina tarakimu za kutosha, kwa hiyo njia mbili zinakutana bila mruko. Kwenye lugha za programu kuna njia safi zaidi, `log1p(x)`, inayokokotoa logi ya 1 + x bila kuijenga kwanza ile 1 + x:

```python
from math import log1p
def wastani(d1, d2):
    x = (d1 - d2) / d2
    return d2 if x == 0 else d2 * x / log1p(x)
```

Nayo `IFERROR` ing'olewe. Seli inayosema imeshindwa ina faida. Seli inayosema sifuri inapeleka kosa mbele.

Hadi hapa tumedhani halijoto za kutokea zinajulikana. Mara nyingi hazijulikani. Una kibadilishajoto kilichokwisha kufungwa, unajua U, A, mitiririko na halijoto za kuingia, na unataka kujua maji yatatoka yakiwa nyuzi ngapi. Kwa swali hilo achana na wastani wa logi kabisa. Tumia idadi ya vipimo vya uhamishaji, NTU, ambayo ni U·A gawanya kwa C, na ufanisi ε, yaani joto lililohamishwa gawanya kwa lile ambalo lingehamishwa kama mkondo ungefikia halijoto ya kuingia ya mwenzake. Kwa C sawa na mikondo kinzani:

```
ε = NTU / (1 + NTU)
```

Kwenye kisa chetu, 41.8 gawanya kwa 8.36 ni 5 kamili. Ufanisi ni 5/6. Pengo lote kati ya 80 na 20 ni 60, na 5/6 yake ni 50: maji baridi yanatoka yakiwa 70, bila kukisia chochote. Pengo kati ya mikondo linapatikana vilevile, 60 gawanya kwa (1 + 5), yaani 10. Ila tahadhari moja: fomula ya jumla ya ufanisi, ile yenye uwiano wa C mbili na kipeo cha e, nayo ni sifuri gawanya kwa sifuri uwiano ukiwa 1. Inahitaji mlinzi wake.

Namba hizi zinaeleza vizuri kinachotokea ukoga ukiota kwenye sahani. Tuseme U imeshuka kutoka 2.5 hadi 2.0. NTU inakuwa 4, ufanisi 4/5, na pengo linapanuka kutoka 10 hadi 12. Joto linalookolewa linapungua kutoka 418 hadi karibu 401, asilimia 4 tu, ijapokuwa U imepungua kwa asilimia 20. Lakini tazama hita: sasa inapasha nyuzi 12 badala ya 10, na mzigo wake unapanda kutoka 83.6 hadi kilowati 100.3. Asilimia 20 iliyopotea kwenye U inaonekana yote kwenye hita. Kwa hiyo anayefuatilia ukoga aangalie pengo au mzigo wa hita, asiangalie joto lililookolewa, kwa kuwa hilo hutikisika kidogo sana.

Na pengo lipimwe kwenye ncha zote mbili. Likipanuka sawasawa pande zote, U imeshuka. Likipanuka upande mmoja tu, sababu si ukoga. Ukisoma 10 kwenye ncha ya moto na 12 kwenye ncha ya baridi, maji moto yameshuka nyuzi 48 wakati maji baridi yamepanda 50, jambo lisilowezekana kwa mitiririko iliyo sawa. Ama upande wa moto una mtiririko mkubwa kwa karibu asilimia 4, ama kuna sensa isiyosema kweli. Badilishaneni sensa hizo mahali kabla ya kufungua sahani hata moja.

Haya yote yanashika kwa mikondo kinzani halisi. Mikondo ikielekea upande mmoja, C sawa hazileti sifuri gawanya kwa sifuri, lakini ufanisi hauwezi kuvuka 0.5, na maji yetu yasingepita nyuzi 50. Kwenye kibadilishajoto cha mirija chenye pito moja la ganda na mapito mawili ya mirija, kikomo kwa C sawa ni karibu 0.586, yaani nyuzi 55 hivi, hata ukiongeza eneo bila mwisho. Na mgawo wa marekebisho unaotumika kwa aina hiyo una sifuri gawanya kwa sifuri yake yenyewe pale uwiano wa C unapofika 1, hivyo lahajedwali lile lilirekebishwa mahali pawili.